Tiketi ya maegesho ikipotea: geti hufunguliwaje, na ile faini hupangwaje

Kwenye bango la bei la karibu kila maegesho ya kulipia jijini Nairobi kuna mstari wa mwisho ambao madereva wengi huusoma siku tiketi imepotea. Juu yake kuna bei za saa: nusu saa ya kwanza bure au kwa bei ndogo, saa mbili shilingi kadhaa, saa nne shilingi kadhaa. Chini kabisa imeandikwa tiketi iliyopotea, na kando yake kiasi ambacho mara nyingi ni shilingi 500 au 1,000. Mtu aliyeingia kununua mkate huona huo ni wizi wa mchana. Karatasi yenyewe haifiki hata shilingi tano, elfu moja inatoka wapi?

Jibu ni kwamba karatasi hulipiwi kabisa. Unacholipia ni saa uliyoingia, ambayo sasa hakuna mwenye uhakika nayo. Ukilishika hilo, utajua pia cha kumwambia keshia, kwa sababu mara nyingi saa hiyo haijapotea. Iko mahali pengine ndani ya mfumo, na lililobaki ni mtu kukubali kuitafuta.

Tuanzie kwenye geti la kuingilia. Chini ya lami, mbele ya ile mashine ya kutoa tiketi, kumezikwa waya uliozungushwa umbo la mstatili. Gari likisimama juu yake, chuma chake hubadilisha mkondo mdogo wa umeme unaopita kwenye waya, na hapo ndipo mashine inapojua kuna gari. Mtu akisimama pale kwa miguu na kubonyeza kitufe hapati kitu. Ukibonyeza ukiwa ndani ya gari, mashine huchapa tiketi yenye tarehe, saa, namba ya geti uliloingilia na namba ya mfululizo, pamoja na msimbo wa mistari au wa miraba unaobeba taarifa hizo hizo kwa ajili ya mashine nyingine. Ukiivuta tiketi, kizuizi kinapanda. Ukivuka waya wa pili uliozikwa chini ya kizuizi chenyewe, kinashuka nyuma yako.

Wakati huo huo kompyuta ya maegesho imefungua rekodi: tiketi namba fulani imeingia saa fulani, bado haijalipiwa, bado haijatoka. Rekodi hiyo hukaa wazi mpaka tiketi ilipiwe na kusomwa kwenye geti la kutokea. Lakini kwenye mfumo wa kawaida usio na kamera, rekodi haisemi ni gari gani. Inaijua tiketi tu. Kiungo kati ya gari lako na ile saa ni karatasi uliyotupa pamoja na mfuko wa chipsi.

Mifumo haifanani. Kuna maegesho yanayotoa sarafu ya plastiki yenye chipu ndani badala ya karatasi. Sarafu hizo hukusanywa kwenye geti la kutokea na kutumika tena, kwa hiyo ukiipoteza kuna mali halisi imepotea na sehemu ya malipo ni gharama yake. Kwingine wamebaki na kadi za karatasi ngumu zenye mstari mweusi wa sumaku mgongoni. Na mingi ya mifumo mipya ina kamera inayosoma namba ya usajili kila gari linapoingia na kuiunganisha na tiketi. Kwa mwenye kupoteza tiketi, kamera hiyo ndiyo inayobadilisha kila kitu, na tutairudia.

Sasa faini. Mwenye maegesho akiamua kuwa tiketi ikipotea dereva aaminiwe kwa neno lake, nini kitatokea? Gari lililokaa siku nzima litafika getini na dereva atasema ameingia saa moja iliyopita, tiketi imeanguka. Hiyo ni hila ya kwanza, nayo ni nyepesi. Ili kuizima inatosha faini isiwe ndogo kuliko bei ya siku nzima, maana hapo hakuna faida ya kuitupa tiketi ya siku moja. Ndiyo sababu Uingereza na Marekani maegesho mengi hayatajihangaisha na faini maalumu. Bango linasema tu kwamba asiye na tiketi atalipa bei ya juu kabisa ya siku.

Hila ya pili ni ya watu wawili. Gari la kwanza limekaa tangu asubuhi. Jioni rafiki anaingia na gari lake, anachukua tiketi mpya na kumpa yule wa kwanza, ambaye anatoka akilipa bei ya dakika ishirini au bila kulipa kabisa. Rafiki anabaki na ile tiketi ya asubuhi. Anaitupa, anaenda kwa keshia kusema imepotea, na kwa kuwa ameingia muda si mrefu anategemea kuhurumiwa. Faini isiyo na huruma huifanya hila hii isiwe na maana, kwa sababu mmoja wao lazima atoe kile kiasi kikubwa. Kamera huizima kabisa, maana tiketi iliyotolewa kwa gari moja haitafungua geti kwa gari lingine.

Kuna na sababu ya tatu, isiyohusu pesa za maegesho: wizi wa gari. Kwa mlinzi wa geti, mwenye tiketi ana dalili fulani ya kuwa ndiye aliyeingia na gari hilo. Si ushahidi mkubwa, maana wengi huiacha kwenye dashibodi, jambo ambalo mlinzi yeyote atakukataza. Lakini dereva asiye na tiketi ndiye hasa anayefanana na mwizi. Ndiyo maana utaratibu wa tiketi iliyopotea unachosha kiasi kile hata pale mwenye maegesho asipohitaji pesa yako.

Ukigundua huna tiketi, kosa la kwanza la kuepuka ni kwenda na gari mpaka kwenye geti la kutokea. Pale kuna mashine ya kusoma, kitufe cha msaada, na foleni ya magari nyuma yako. Ukibonyeza kitufe, sauti ya mtu aliye kwenye chumba cha usimamizi itakuuliza shida ni nini, na karibu kila mara atakwambia urudi kwa keshia. Kurudi maana yake magari matano nyuma yako yarudi kinyumenyume kwanza. Wakati mwingine msimamizi hukubali kukufungulia kutoka mbali baada ya kulipia kwa simu, lakini hapo ameshinikizwa na honi, na mtu aliyeshinikizwa hatafuti rekodi. Atakutoza faini nzima ili foleni iende.

Kwa hiyo liache gari lilipo, uende kwa miguu kwenye kaunta ya malipo. Mashine za kulipia zenyewe mara nyingi zina kitufe cha tiketi iliyopotea, nacho huomba faini kamili moja kwa moja bila kuuliza chochote. Usikibonyeze kama kuna mtu wa kuzungumza naye.

Kwa keshia utaulizwa vitu ambavyo ni vilevile karibu kila mahali. Namba ya usajili wa gari. Kitambulisho au leseni ya udereva. Kitu kinachokuunganisha na gari: nakala ya logibuku, au kadi ya gari kama wanavyosema Tanzania, au karatasi ya bima, au hata ufunguo ukiwa mkononi na mlinzi akifuatana nawe kuona unalifungua gari lenyewe. Gari la kukodi au la kampuni huleta kazi zaidi, kwa sababu jina la kwenye kitambulisho halifanani na la kwenye karatasi. Hapo utaombwa mkataba wa kukodi, au wampigie simu mwenye gari. Halafu kuna fomu au daftari: jina, namba ya simu, namba ya gari, saa unayodai uliingia, sahihi. Mlinzi huenda akakagua buti.

Baada ya hapo keshia ana njia mbili. Ya haraka ni kutoa tiketi mbadala kwa faini kamili. Ya pili ni kutafuta ile rekodi iliyo wazi. Kwenye mfumo wenye kamera anaandika namba ya usajili na picha ya gari lako likiingia inatokea pamoja na saa. Kwenye mfumo usio na kamera anaweza kupata orodha ya tiketi ambazo hazijatoka, lakini orodha hiyo haina magari, na siku ya Jumamosi ina mamia ya mistari. Hapo msaada pekee ni kamera za kawaida za usalama, zinazohitaji msimamizi, chumba kingine na muda. Kuna maegesho ambapo walinzi hupita usiku na kuandika namba za magari yote yaliyolala. Orodha hiyo haikwambii gari liliingia saa ngapi, lakini inathibitisha lilikuwapo au halikuwapo usiku uliopita, na mara nyingi hilo ndilo swali lenyewe.

Rekodi ikipatikana, ifungwe. Dereva hujali geti lifunguke tu, lakini keshia mzuri huifuta tiketi ya zamani kwenye mfumo kabla ya kutoa mbadala. Asipoifuta, tiketi hiyo bado ni hai, na atakayeiokota sakafuni anaweza kuilipia na kuitumia. Pia kwenye hesabu za jioni gari lako litaonekana bado liko ndani.

Tuchukue mfano, na bei zake niziweke mimi ili hesabu iwe wazi. Nusu saa ya kwanza ni bure, hadi saa mbili ni shilingi 100, na kila saa inayoanza baada ya hapo ni shilingi 50. Tiketi iliyopotea ni shilingi 1,000. Dada mmoja ameingia saa 10:42 kwa saa ya mashine, yaani saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Amefanya manunuzi, amekula, na saa saba na dakika ishirini na tano mchana anapekua mkoba wake, hana tiketi. Amekaa saa mbili na dakika arobaini na tatu, saa ya tatu imeshaanza, hivyo angedaiwa shilingi 150.

Anafika kwa keshia na kuonyesha risiti ya supamaketi ya saa 11:06. Wengi huamini risiti hiyo inamaliza kesi. Haimalizi. Inathibitisha kwamba yeye alikuwa ndani ya jengo saa hiyo, lakini haisemi gari liliingia lini. Lingeweza kuwa limelala hapo tangu jana naye akaja na teksi. Faida yake ni nyingine: inapunguza eneo la kutafuta. Sasa keshia anajua aangalie picha za kamera za kuanzia saa 10:30 hadi saa 11:00 kwa saa ya mashine, badala ya siku nzima.

Keshia anaandika namba ya usajili, mfumo unasema hakuna gari hilo. Hapa wengi hukata tamaa, na keshia aliyechoka naye hufunga mjadala. Lakini kamera husoma vibaya. Herufi B na namba 8 hufanana kwa mashine, vivyo hivyo O na sifuri, I na moja. Kibao chenye matope au chenye skrubu katikati ya herufi huzidisha makosa. Namba za Kenya zina tarakimu tatu katikati ya herufi. Akitafuta kwa tarakimu hizo tatu peke yake, au akapitia picha za magari ya rangi ileile kati ya saa 10:30 na 11:00, gari linapatikana likiwa limeandikwa kwa herufi moja isiyo yake. Kazi yote hiyo ni ya dakika tano.

Analipa kiasi gani sasa? Inategemea sera, na sera ziko za aina tatu. Ya kwanza husema faini inachukua nafasi ya saa zote: analipa 1,000 basi, hata kama saa imepatikana. Ya pili hujumlisha: 150 za muda na 1,000 za tiketi, jumla 1,150. Ya tatu, ambayo mimi naiona ndiyo ya haki, huitumia faini pale tu saa isipojulikana. Saa ikipatikana analipa 150, pengine na kiasi kidogo cha kushughulikia. Bango likisema tiketi iliyopotea ni shilingi 1,000 bila maneno zaidi, haliamui kati ya hizo tatu. Swali la kumuuliza keshia, kwa upole na kabla ya kulipa, ni hili: saa yangu ya kuingia ikionekana kwenye mfumo, sera yenu ni ipi? Swali hilo humlazimu ama atafute ama amwite msimamizi, ambaye kwa kawaida ndiye pekee mwenye ruhusa ya kupunguza. Keshia peke yake hawezi kusamehe hata akitaka, kwa kuwa kila tiketi mbadala huonekana kwenye hesabu za zamu yake.

Akishalipa, anapewa tiketi mbadala na saa inaanza kuhesabu upya. Muda wa kutoka baada ya kulipa kwa kawaida ni kati ya dakika kumi na ishirini. Mtu aliyepoteza nusu saa akibishana mara nyingine hurudi ndani kutafuta maji ya kunywa, anafika getini amechelewa, anaambiwa aongeze.

Tofautisha pia tiketi iliyopotea na tiketi iliyoharibika, maana baadhi ya makeshia huzichanganya, na kwa mfano wetu tofauti ni shilingi 850. Karatasi nyingi za tiketi huchapwa kwa joto. Karatasi yenyewe ina dawa inayogeuka nyeusi ikipashwa, na ndani ya mashine hakuna wino. Ukiiacha kwenye dashibodi chini ya kioo cha mbele juani, yote hugeuka kuwa kijivu au nyeusi na msimbo hausomeki. Hata hivyo namba ya mfululizo mara nyingi huonekana ukiigeuza kuelekea mwangaza, na keshia akiiandika kwa mkono rekodi inafunguka na saa yako iko palepale. Ni hivyo pia kwa tiketi iliyolowa, iliyokunjwa, au iliyochanwa na mtoto ilimradi kipande chenye namba kipo. Kwa kadi ya sumaku iliyokataa kusomwa, namba iliyochapwa usoni hutumika vilevile. Kama umeshika kitu chochote chenye namba hiyo, hujapoteza tiketi, na usikubali kutozwa kama aliyepoteza.

Hapo ndipo picha ya simu inapofaa. Piga picha ya tiketi mara tu unapoegesha, pamoja na namba ya nguzo ulipo. Mashine huenda isisome msimbo kwenye kioo cha simu, na mlinzi anaweza kusema picha si tiketi, jambo ambalo ni kweli. Lakini keshia anayo sasa namba ya mfululizo, geti na saa, yaani kila alichohitaji kutafuta. Bado anaweza kudai kitambulisho ili ajue hukupiga picha tiketi ya mtu mwingine. Ukiwa umelipa kwa M-Pesa kabla ya kupoteza karatasi, ujumbe wa malipo unaonyesha saa ya malipo na kiasi, na kiasi hicho kikilinganishwa na bango kinaeleza takribani umekaa muda gani. Kwenye mifumo ambapo namba ya tiketi ndiyo huandikwa kama namba ya akaunti, mambo huwa mepesi zaidi.

Je, faini yenyewe ni halali? Kesi inayosomwa na kila mwanafunzi wa sheria hapa ni Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1971. Dereva aliingia kwenye maegesho ya mashine London, akachukua tiketi, na aliporudi kuchukua gari akapata ajali na kuumia. Wenye maegesho wakasema tiketi ilitaja masharti yaliyobandikwa ndani, na masharti hayo yaliwaondolea wajibu. Jaji Denning alikataa. Mkataba, alieleza, hukamilika pale dereva anapofika kwenye mashine na tiketi ikatoka. Hawezi kubishana na mashine wala kurudi nyuma. Sharti ambalo hakuonyeshwa kabla ya hapo limechelewa.

Kwa tiketi iliyopotea maana yake ni nyepesi kuitumia. Faini iliyoandikwa kwenye bango kubwa kabla ya geti la kuingilia ni sehemu ya mkataba wako. Faini iliyoandikwa nyuma ya tiketi tu kwa herufi ndogo, au kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye dirisha la keshia, inaweza kupingwa. Uamuzi wa Uingereza hauzifungi mahakama za Kenya, lakini sheria yetu ya mikataba, Sura ya 23, inaichukua sheria ya kawaida ya Uingereza kama msingi, kwa hiyo kesi hiyo ina uzito.

Kiasi nacho ni swali tofauti. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwenye kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, ilikubali malipo ya pauni 85 kwa dereva aliyezidisha muda wa saa mbili kwenye maegesho ya maduka yaliyokuwa bure. Wenye maegesho hawakupata hasara ya pauni 85, na mahakama ilijua hivyo. Ilisema inatosha kuwa walikuwa na sababu halali ya kuzuia watu wasikae mno, na kwamba kiasi hakikuvuka mipaka. Kwa hoja hiyo, shilingi 1,000 zinazozuia zile hila mbili zina mtetezi mzuri mahakamani. Elfu tano kwenye maegesho ambayo siku nzima ni mia sita zingekuwa na kazi ngumu zaidi.

Tanzania njia ni nyingine kidogo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa mtu akiuvunja, aliyekosewa hupata fidia ya kiasi cha haki isiyozidi kile kilichotajwa. Kiasi cha bangoni kwa hiyo ni dari. Mwenye maegesho hapati lazima kiasi chote. Dereva ambaye saa yake imeonekana kwenye kamera ana hoja nzuri hapo, maana fidia ya haki ni nini zaidi ya bei ya muda na usumbufu wa kutafuta? Bila shaka hakuna atakayefungua kesi kwa shilingi elfu kumi. Lakini msimamizi huisikia hoja tofauti na anavyosikia kelele.

Kuna jambo moja ambalo hoja yoyote haiwezi kuliokoa, nalo ni kujifungulia mwenyewe. Kutoka ukiwa umebanana na gari la mbele huwezekana kwenye mifumo mingine, kwa sababu kizuizi hakishuki maadamu waya ulio chini yake unahisi chuma. Hata hivyo mifumo mipya huhesabu magari mawili na picha yako inabaki. Ukikigonga kizuizi, kimeundwa kivunjike au kizunguke kwenye kiungo chake bila kuharibu mashine. Utakachodaiwa ni mkono mpya wa kizuizi na kazi ya kuufunga, na polisi wanaweza kuhusishwa. Deni dogo limekuwa shauri la uharibifu wa mali.

Kwingine tiketi imeondolewa kabisa. Maegesho ya barabarani ya Kaunti ya Nairobi hulipiwa kwa namba ya gari, sawa na ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwenye miji ya Tanzania, kwa hiyo hakuna cha kupoteza. Ndugu walio Dubai wameona hatua ya mbele zaidi. Kuanzia Julai 2024 maegesho ya kulipia ya Dubai Mall hayana kizuizi wala tiketi, kamera husoma namba na pesa hukatwa kwenye akaunti ya Salik, mfumo wa kulipia barabara wa huko. Huko shida imehama. Badala ya kukosa karatasi, unakosewa namba, na unagundua baadaye kwamba umekatwa kwa gari lisilo lako. Ushahidi wa kujitetea ni ule ule: saa, geti, picha.

Na kama umeshalipa faini, ukafika nyumbani na kuikuta tiketi chini ya kiti cha mtoto? Usiitumie kutokea siku nyingine, imeshafutwa na geti litaikataa, au mbaya zaidi itaonekana kama tiketi ya gari lililokaa wiki nzima. Ipeleke kaunta pamoja na risiti ya faini. Wapo wanaorudisha tofauti ndani ya siku chache na wapo wanaokataa katakata, lakini wote watakuomba risiti kwanza. Kwa hiyo wakati ule wa kulipa, hata ukiwa na hasira, subiri ichapwe, na hakikisha imeandikwa namba ya gari lako pamoja na neno linaloonyesha ni malipo ya tiketi iliyopotea, si ya saa za kawaida.